Pwanteri Prinsipali ni Nani Huko Kigoma?

Mjini Bujumbura, mama akisema kwamba mumewe ni pwanteri bandarini, majirani zake hawahitaji maelezo zaidi. Wanamjua pwanteri. Ndiye asimamaye ukingoni mwa gati, karatasi na kalamu mkononi, akihesabu mifuko ya saruji, magunia ya mahindi au sukari inayoshushwa kutoka katika meli zilizotoka Mpulungu au Kigoma. Neno lenyewe limetokana na Kifaransa, nalo limezoeleka sana hata watu hawakumbuki tena kwamba ni la kigeni.

Lakini neno hilo hilo likivuka Ziwa Tanganyika na kufika Kigoma, hupoteza nguvu zake. Karani anayesoma barua ya maombi ya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha huko hamjui pwanteri. Akijaribu kulifananisha na neno la Kiingereza, atafikiria kijiti cha kuonyeshea maandishi ubaoni. Na si Kigoma tu. Hata hapo Bujumbura, ukitoka bandarini ukaenda mahali panapojengwa nyumba, utaambiwa kwamba pwanteri ni yule anayeandika asubuhi majina ya vibarua waliofika kazini na saa walizofanya kazi. Mji mmoja, neno moja, kazi mbili.

Hivyo ndivyo vilivyo vyeo vingi vya kazini. Kampuni au idara hubuni vyeo kwa mahitaji yake yenyewe, yaani kupanga mishahara, kutofautisha aliyeanza jana na aliyekaa miaka kumi, na kujua nani atie sahihi wapi. Haivibuni ili mtu wa nje aelewe. Watumishi wa Serikali ya Burundi, kwa mfano, kwa miaka mingi wamepangwa katika makundi matatu, nayo ni uongozi, ushirikiano na utendaji. Mtu aliyekuwa katika kundi la ushirikiano anaweza kuwa ameandika barua, ametunza kumbukumbu au amepima viwanja. Akiandika tu katika maombi yake kwamba alikuwa "mtumishi wa ushirikiano", msomaji wa Tanzania atadhani alikuwa katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa.

Jambo hili limepata uzito zaidi tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na hasa tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ilipoanza kutumika mwaka 2010, ambayo inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kwenda kutafuta ajira katika nchi wanachama. Baadhi ya taaluma, kama vile uhasibu, usanifu wa majengo na uhandisi, zimefanyiwa mikataba ya kutambuana katika Jumuiya. Karani wa bandarini, mtunza ghala na tarishi hawana mkataba wa namna hiyo. Hakuna bodi itakayowafasiria vyeo vyao. Kazi hiyo wanapaswa kuifanya wenyewe, tena katika mstari mmoja wa karatasi.

MANENO YANAYOPOTOSHA

Neno lisiloeleweka kabisa si hatari kubwa, kwa kuwa msomaji huona mara moja kwamba hajaelewa. Hatari zaidi ni neno ambalo msomaji anadhani amelielewa, kumbe amelielewa vingine.

Neno shefu ni mfano mzuri. Bujumbura, shefu ni mkubwa wa kazi. Kuna shefu wa ekipu, anayeongoza kundi la vibarua, na kuna shefu wa depo, anayeshughulikia bohari. Nairobi na Dar es Salaam, shefu ni mpishi wa hoteli. Mtu aliyeongoza wapakuzi kumi na wawili kwa miaka sita anaweza kudhaniwa kuwa amekuwa akiwapikia.

Neno ajenti nalo lina mtego wake. Katika ofisi za Bujumbura, ajenti ni mfanyakazi ye yote aliyeajiriwa, hata yule wa ngazi ya chini. Kwa Mtanzania, wakala ni mtu anayejitegemea, anayeuza kwa niaba ya kampuni na kulipwa kamisheni. Aliyekuwa "ajenti wa biashara" mwenye mshahara wa kila mwezi huonekana kama mtu ambaye hakupata kuajiriwa. Halikadhalika moniteri wa kilimo, ambaye huwatembelea wakulima milimani na kuwafundisha namna ya kupanda, Tanzania angeitwa bwana shamba au afisa ugani. Na mlinzi wa usiku, ambaye Bujumbura huitwa zamu, akiandika kwamba alifanya "kazi ya zamu", msomaji wa pwani ataelewa kwamba alifanya kazi ya kupokezana kwa saa, bila kujua ni kazi gani.

MFANO WA KARANI MMOJA

Na uchukuliwe mfano wa baba mmoja wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya barazani. Ameajiriwa na kampuni ya kupakua mizigo tangu mwaka 2014 hadi mwaka 2023. Cheti cha utumishi alichopewa alipoondoka kinasema kwamba alikuwa "Pwanteri" na kwamba tangu mwaka 2019 alikuwa "Pwanteri Prinsipali". Sasa anataka kuomba kazi kwa wakala wa forodha huko Kigoma, ambaye anatafuta karani wa shehena.

Njia ya kwanza iliyo mbele yake ni kuandika cheo kama kilivyo katika cheti, na kunyamaza. Hajasema uongo, lakini hajasema lo lote. Anayepitia barua sitini kwa asubuhi moja hatasimama kuuliza maana ya pwanteri prinsipali. Ataiweka barua kando na kuchukua nyingine.

Njia ya pili ndiyo inayowavutia wengi. Ni kukitupa cheo cha zamani na kuandika kipya chenye kupendeza, kama vile "Msimamizi Mkuu wa Shehena". Baba huyu anaweza hata kujiridhisha kwamba hajadanganya, maana prinsipali si ndiyo mkuu? Hapana. Katika vyeo vilivyorithiwa kutoka katika utawala wa Wabelgiji, prinsipali mara nyingi ni ngazi tu ya mshahara anayopandishwa mtu baada ya miaka kadhaa ya utumishi mwema. Huenda hana hata msaidizi mmoja. Wakala wa Kigoma akipiga simu Bujumbura na kuuliza kama fulani alikuwa Msimamizi Mkuu wa Shehena, atajibiwa kwamba cheo hicho hakimo katika kampuni hiyo. Kuanzia hapo, kila mstari wa barua utatiliwa shaka, hata ile ya kweli kabisa. Na ikiwa amekwisha ajiriwa ndipo jambo lijulikane, anaweza kufukuzwa kwa kutoa maelezo ya uongo, akiwa ugenini na watoto wamekwisha hama shule.

Njia ya tatu ni kukiacha cheo kama kilivyo, herufi kwa herufi, na kuongeza mara baada yake maneno machache katika mabano yanayoeleza kazi. Cheo hubaki kuwa mali ya kampuni. Maneno ya mabano ni maelezo ya mwombaji, na mabano yenyewe humwonyesha msomaji mpaka kati ya hayo mawili. Akipiga simu, atauliza habari za pwanteri prinsipali, naye atajibiwa kwamba ndiyo, alikuwepo.

KUYAPATA MANENO YENYEWE

Ugumu ni kuyapata maneno hayo. Mtu aliyezama katika kazi kwa miaka tisa huielezea kwa lugha ya kazini. Hapa mtu wa nyumbani hufaa kuliko mwenzake wa ofisini, kwa sababu atauliza maswali yale yale ambayo mgeni angeuliza. Mazungumzo ya mezani yanaweza kuwa hivi:

"Baba watoto, ukifika bandarini asubuhi unafanya nini hasa?"

"Napwantisha mizigo, mama."

"Hilo ndilo neno lenyewe tunalotaka kulifafanua. Mikono yako inafanya nini?"

"Inahesabu. Tuseme meli imeleta mifuko 400 ya saruji, kila mmoja kilo 50, yaani tani 20. Winchi inashusha mifuko 40 kwa mara moja. Kila inaposhuka naandika. Ikishuka mara kumi nafunga hesabu na kuilinganisha na orodha ya shehena ya meli."

"Na isipolingana?"

"Naandika upungufu. Mizima 394, iliyopasuka minne, isiyoonekana miwili. Kisha tunatia sahihi watu watatu, mimi, mtu wa meli na karani wa mwenye mzigo."

"Na wanaohesabu ni wewe peke yako, au una watu chini yako?"

"Kila gati lina pwanteri wake. Mimi sina mtu."

Katika majibu hayo machache kazi yote imekwisha patikana. Ni karani. Anahesabu. Kinachohesabiwa ni shehena. Mahali ni bandarini. Basi mstari wake utasomeka hivi:

Pwanteri Prinsipali (karani wa kuhesabu shehena bandarini), Bujumbura, 2014 hadi 2023.

Yafaa kuangalia pia maneno yaliyoachwa nje ya mabano. Mtu angeweza kuandika "karani wa kuhesabu na kukagua shehena", kwa kuwa kweli aliitazama mifuko na kuitenga iliyopasuka. Lakini kukagua shehena bandarini humfanya msomaji afikirie ukaguzi wa forodha, na kazi hiyo ni ya maofisa wa mapato, si yake. Neno ni la kweli mdomoni mwake, lakini likifika masikioni mwa msomaji huwa la uongo. Basi limeachwa.

Vile vile limeachwa neno "mwandamizi". Lingeweza kuonekana kuwa tafsiri njema ya prinsipali, ila katika utumishi wa Tanzania uandamizi ni daraja lenye masharti yake, na baba huyu hakulipitia. Habari ya kupandishwa kwake haikufichwa. Imewekwa chini ya cheo, katika mstari wa kwanza wa maelezo ya kazi: "Alipandishwa ngazi kuwa Prinsipali mwaka 2019 kwa miaka ya utumishi, kazi ilibaki ile ile." Msomaji amepata ukweli wote, na sifa ya miaka mitano ya kwanza haikupotea.

WATU WAWILI WA KUPIMA

Maneno ya mabano yakishaandikwa, yapimwe kwa watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyekuwa mkubwa wa kazi katika kampuni ya zamani. Asomewe mstari huo na kuulizwa kama angekubali kuutilia sahihi. Akisita, kuna neno lililopandishwa juu kuliko kazi, nalo liondolewe. Wa pili ni mtu asiyeijua kampuni hiyo kabisa, jirani au shemeji wa mji mwingine. Asomewe, kisha aulizwe, "Mtu huyu alikuwa akifanya nini asubuhi?" Akishindwa kujibu, mabano yamerudia cheo kwa maneno mengine, wala hayakukieleza.

Mtu mmoja kati ya hao hatoshi. Mkubwa wa kazi peke yake ataridhika na maneno ya kampuni, kwa kuwa anayaelewa. Jirani peke yake ataridhika na maneno mazuri, kwa kuwa hajui kama ni ya kweli. Ni pale wote wawili wanapokubali ndipo mstari huo unapofaa kupelekwa posta au kutumwa kwa simu.

CHEO KIKUBWA, KAZI NDOGO. NA KINYUME CHAKE

Watu wengi hudhani kwamba mabano ni ya kukikuza cheo kilicho duni. Wakati mwingine uaminifu hudai yakipunguze. Shefu wa depo aliyekuwa peke yake katika chumba kimoja cha vipuri, akipokea, akitoa na kuandika katika kadi za bohari, asiandike "meneja wa bohari". Aandike "Shefu wa Depo (mtunza ghala la vipuri, peke yake)". Neno "peke yake" litamgharimu kidogo siku ya kwanza, lakini litamwokoa siku atakapokabidhiwa watu wanane ambao hajui kuwaongoza. Tena mwajiri anayetafuta mtu mmoja wa kutunza ghala dogo atamwona kuwa ndiye hasa.

Kinyume chake pia hutokea. Plantoni, yaani tarishi wa ofisi, huanza kwa kubeba barua. Mwenye fedha akiugua, anakabidhiwa sanduku la matumizi madogo madogo, na kazi ya wiki mbili inakuwa ya miaka mitatu. Cheo hakikubadilika. Huyu naye asijiandikie "mtunza fedha". Aandike "Plantoni (tarishi wa ofisi; tangu 2020 pia mshika fedha za matumizi madogo)", na amwombe mkubwa wake wa zamani barua fupi inayothibitisha jambo hilo. Tarehe iliyomo katika mabano ina kazi kubwa, maana inaonyesha kwamba kazi ya pili haikuwepo tangu mwanzo.

Kuna vyeo ambavyo mabano hayaruhusiwi kuvigusa. Bujumbura, mtu anayeandika vitabu vya hesabu vya duka huitwa kontabule bila ubishi. Tafsiri yake ya haraka ni mhasibu, lakini Tanzania ina bodi inayosajili wahasibu, na jina hilo humaanisha mtu aliyefaulu mitihani na kuandikishwa. Afadhali aandike "Kontabule (karani wa kuandika vitabu vya hesabu)". Ndivyo ilivyo pia kwa uuguzi, uhandisi na kazi nyingine zenye leseni. Mabano hufafanua kazi iliyofanyika, wala hayawezi kumpa mtu usajili asiokuwa nao.

KATIKA KARATASI NYINGINE

Mstari ukishatengenezwa, uwe ni mmoja katika karatasi zote. Cheo kikiandikwa kwa namna moja katika barua, kwa namna nyingine katika wasifu na kwa namna ya tatu katika fomu, msomaji ataona vyeo vitatu na kuuliza kipi ndicho cha kweli.

Fomu nyingi zina kisanduku kidogo cha cheo. Ikiwa maneno hayaenei, kisanduku hicho kiandikwe cheo rasmi peke yake, na maelezo yawe maneno ya kwanza kabisa katika sehemu ya majukumu. Isifanywe kinyume, kwa sababu kisanduku cha cheo ndicho kitakacholinganishwa na cheti.

Cheti chenyewe kisiguswe. Kikipelekwa kwa mfasiri aliyeapishwa ili kigeuzwe kutoka Kifaransa, mfasiri atafasiri kilichoandikwa, wala hana ruhusa ya kuongeza maelezo ya mteja. Ikiwa tafsiri yake ya cheo imekuwa ya ajabu, mwombaji aieleze katika barua yake kwa sentensi moja: "Cheo kinachosomeka katika cheti kama Pwanteri Prinsipali ni cha karani wa kuhesabu shehena." Kwa njia hiyo karatasi mbili zisizofanana huunganishwa na mwenye nazo, kabla mtu mwingine hajaziona kuwa zinapingana.

Maneno matano katika mabano hayampatii mtu kazi. Wakala wa Kigoma anaweza kumtaka mtu anayejua pia hati za forodha, na karani wa Buyenzi akaikosa nafasi hiyo kwa haki kabisa. Lakini atakuwa ameikosa kwa kazi aliyoifanya, wala si kwa neno ambalo msomaji hakulielewa. Na akiipata, siku ya kwanza kazini atakutana na meli, winchi, mifuko na karatasi ya hesabu, vitu anavyovijua, wala hatakuwa na jambo la kuficha mtu wa Bujumbura atakapopigiwa simu.